Stendi ya taa imeingia kwenye fremu: kiraka cha ukuta na chembe zake

Mzee niliyemhoji ni fundi wa majahazi. Tulikaa sebuleni kwake Tanga, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa, dirisha kubwa likimwangaza upande wa kushoto. Kulia nilisimamisha taa ndogo ya kumpigia mabega kwa nyuma. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilikuwa safi. Usiku, nilipofungua kazi kwenye skrini kubwa, nikaona mlingoti wa stendi umesimama wima pembeni ya picha kwa dakika zote 14, na miguu yake miwili sakafuni. Mzee alikuwa ameshavuka kwenda Pemba. Kurudia kupiga haikuwezekana.

Kamera ilikuwa juu ya tripodi na haikuguswa, na hilo ndilo lililoniokoa. Yote ninayoeleza hapa ni ya picha iliyotulia. Kama kamera inatembea, lazima kwanza kiraka cha kufunika kasoro kifungwe kwenye mwendo wake, na hiyo ni kazi nyingine.

Nilitumia ukurasa wa Fusion ndani ya DaVinci Resolve, ila hesabu ni zile zile kwenye programu yoyote yenye tabaka na maski.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kivivu: nilichukua fremu moja, nikafuta stendi kwa brashi, nikaiweka juu ya video nzima kama bandiko. Ukisimamisha picha, huoni kitu. Ukiicheza, unaona mstatili uliokufa. Ukuta wote unachemka kwa chembe ndogondogo zinazobadilika kila fremu, isipokuwa pale, ambapo chembe zimeganda kama uchafu kwenye kioo cha dirisha. Mtazamaji hajui kasoro ni nini, lakini jicho lake linakwenda pale pale.

Ndiyo maana napenda kugeuza ukuta wa jirani. Ukichukua video yenyewe inayocheza, ukaigeuza kama kwenye kioo na kufunika stendi kwa kipande cha ukuta kilicho kando yake, kiraka kinakuja na chembe zake halisi, zikiwa hai. Tena kuna faida ya pili: kwenye mstari wa kugeuzia, pikseli za pande mbili zinakutana na wenzao walewale. Mshono wa upande huo unajifuta wenyewe.

Fremu yangu ilikuwa na upana wa pikseli 1920. Mlingoti pamoja na kivuli chake chepesi ulikuwa kati ya pikseli ya 1590 na ya 1655, ukihesabu kutoka kushoto. Nikachagua mstari wa kugeuzia kwenye 1575, yaani kando kidogo ya mlingoti, ukuta ukiwa bado msafi. Katika Fusion unaweka nodi ya `Transform`, unawasha `Flip Horizontally`, kisha unasogeza picha iliyogeuzwa mpaka mstari ukae pale unapoutaka. Thamani ya `Center X` unaipata hivi:

```
Center X = 2 * mstari / upana - 0.5
         = 2 * 1575 / 1920 - 0.5
         = 1.140625
```

Andika namba yote, usiipunguze hadi 1.14. Usogezaji lazima uwe wa pikseli kamili, na hapa ni 1230. Ukisogeza kwa nusu pikseli au robo, programu inalazimika kuchanganya pikseli jirani ili kupata ya katikati, na mchanganyiko huo unalainisha chembe. Kiraka kitakuwa laini kuliko ukuta na utahangaika na rangi wakati kosa liko kwenye desimali. Kwa sababu hiyohiyo usikikuze kiraka wala kukizungusha hata kidogo.

Kisha nikaunganisha kwa `Merge`, video ya asili chini na iliyogeuzwa juu, nikachora maski ya `Polygon` kuanzia 1575 hadi 1670 na kulainisha kingo zake. Mlingoti ukatoweka, na matatizo mawili yakajitokeza papo hapo.

La kwanza ni mwanga. Dirisha liko kushoto, kwa hiyo ukuta unafifia kadiri unavyoelekea kulia. Kiraka kilichogeuzwa kinafanya kinyume: kinazidi kung'aa kuelekea kulia, halafu kwenye ukingo wake wa mwisho kinagongana na ukuta halisi ulio na giza zaidi. Nilipitisha kipanya sehemu kadhaa nikisoma namba za rangi chini ya dirisha la kutazamia. Soma sehemu nyingi na uchukue wastani, maana pikseli moja inaweza kukudanganya kwa sababu ya chembe. Kwenye 1670 ukuta halisi ulikuwa 0.36. Kiraka pale kilikuwa kinaonyesha kilichotoka 1480, yaani 0.43. Gawanya 0.36 kwa 0.43 upate takriban 0.84. Nikaweka nodi ya `BrightnessContrast` juu ya kiraka, `Gain` 0.84, na maski inayoanza na sifuri kwenye mstari wa kugeuzia na kujaa taratibu hadi ukingo wa kulia. Kupunguza `Gain` kunapunguza pia nguvu ya chembe. Kwa asilimia 16 jicho halitambui, lakini kama ungetakiwa kushuka hadi nusu, ungekuwa umechagua sehemu mbaya ya kuazima.

La pili mimi naliita kipepeo. Chembe za kushoto na za kulia kwa mstari zinaruka pamoja, kwa ulinganifu, kila fremu. Kwenye picha iliyosimama hulioni. Ikicheza, ule ukingo uliodhani umejifuta unageuka kuwa uti wa kipepeo anayepigapiga mabawa. Dawa yake ni kuichelewesha video iliyogeuzwa fremu chache, ili chembe zake ziwe za wakati mwingine. Kabla ya `Transform` nikaweka `TimeSpeed`, `Speed` ikibaki 1 na `Delay` ikiwa 8, na nikahakikisha haichanganyi fremu mbili kuwa moja, kwa sababu mchanganyiko nao unaua chembe. Mwanzoni mwa klipu acha fremu za ziada, la sivyo kiraka kitakosa cha kuonyesha katika zile 8 za kwanza.

Nikumbushe jambo dogo kwa wanaopiga chini ya taa za umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa inayopepesa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, kila fremu inaanza mahali palepale pa mpepeso, hivyo uchelewesho wowote ni sawa. Ukipiga fremu 30, mpepeso unajirudia kila baada ya fremu 3. Basi chelewesha 9, si 8, ama sivyo kiraka kitapepesa peke yake huku ukuta ukipepesa kivyake.

Halafu kulikuwa na msumari. Ulikuwa kwenye pikseli ya 1512, na baada ya kugeuza nikapata wa pili kwenye 1638, umbali uleule kutoka mstarini. Ukuta wenye misumari miwili si ajabu, ila hii ilikuwa na kutu ya umbo lilelile iliyogeuzwa. Niliufunika kwa kipande kingine kidogo cha ukuta kilichoshushwa pikseli 40 kamili. Kabla hujachagua mstari, pitia kwanza sehemu unayotaka kuazima: swichi, ufa, mjusi. Na kama mtu anaupitisha mkono au kivuli chake pale unapoazima, kitatokea upande wa pili pia. Mzee alifanya hivyo mara moja tu, akionyesha urefu wa ubao, na fremu hizo 30 nilizichorea maski ya mkono wake fremu kwa fremu.

Miguu ya stendi ilinishinda kwa njia hii. Ilikuwa juu ya jamvi lenye mistari ya mshazari, na ukigeuza mshazari unaelekea upande usio wake. Hapo hakuna ujanja, ilinibidi nichore bandiko la fremu moja, yaani lile lililokufa nililolisema mwanzo. Sasa likahitaji kufufuliwa.

Wengi huweka nodi ya `FilmGrain` na kusogeza vitelezi mpaka ifanane. Inawezekana, lakini chembe za kamera ya kawaida si safi kama za kwenye nodi. Mgandamizo wa faili huzivimbisha zikawa madoa mapana kuliko pikseli moja, na mara nyingi chaneli ya bluu ina vurugu kuliko ya kijani. Mimi huazima chembe zenyewe. Kwanza natafuta picha isiyo na chembe: nagandisha fremu 8 tofauti za sehemu hiyo, nazipanga juu ya nyingine kwa `Merge`, na `Blend` ya kila moja inayoongezeka ni 1/2, 1/3, 1/4, hivyohivyo hadi 1/8. Huo ndio wastani. Chembe zinapungua karibu mara 2.8, ambayo ni kipeuo cha pili cha 8. Wastani huohuo ndio nilioutumia kuchorea jamvi, ili bandiko lisibebe chembe zilizoganda.

Kisha naitoa ile picha ya wastani kutoka kwenye video inayocheza, kwa `ChannelBooleans` ikiwa kwenye `Subtract`. Kinachobaki ni chembe tupu, nyingine juu ya sifuri, nyingine chini yake. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Kwenye picha ya biti 8 zile za chini ya sifuri zinakatwa, unabaki na nusu ya chembe, na ukiziongeza kwenye bandiko linang'aa isivyostahili. Pitisha kila kitu kwenye `ChangeDepth` kwanza, uchague `float32`.

Chembe hizo nikazisogeza kwa pikseli kamili kutoka kwenye jamvi safi la jirani hadi juu ya bandiko, na kuziongeza kwa `Add`. Nilizitoa kwenye jamvi, si ukutani, kwa sababu chembe hutegemea mwangaza. Za ukuta mweupe haziwezi kukaa vizuri kwenye jamvi la giza.

Kukagua kunahitaji ukatili kidogo. Naongeza mwangaza wa dirisha la kutazamia mpaka picha inachukiza, natazama chaneli ya bluu peke yake, nakuza hadi asilimia 200, na nacheza. Doa likiwapo, linaonekana hapo. Fusion hufanya kazi kabla ya ukurasa wa rangi, kwa hiyo ukiongeza kontrasti baadaye, kasoro ambayo ilikuwa imejificha inaweza kuchomoza. Mimi huweka rangi ya muda kwanza, nikague, ndipo nitoe faili.

Ya mzee niliitoa saa tisa usiku. Mwanawe alipoiangalia alilalamikia kitu kimoja tu: kwa nini redio ya baba imekatwa nusu kule kushoto.