Cheti cha riba cha benki hakilingani na stetimenti za miezi 12, nijaze ipi?

"Wakuu naombeni msaada, nina kampuni ndogo hapa Mwanza. Benki wamenipa cheti cha mwaka cha riba na kodi ya zuio waliyokata, ila nikijumlisha riba kwenye stetimenti za kila mwezi napata hela ndogo sana kuliko ya kwenye cheti. Kwenye ritani nijaze ipi?"

Mkuu, usijaze yoyote kati ya hizo mpaka ujue tofauti imetoka wapi, shilingi kwa shilingi. Nakwambia hivyo kwa sababu mimi natunza vitabu vya kampuni moja ya barafu na nyavu pale Kirumba, karibu na Mwaloni, na kwenye ritani ya mwaka 2024 nilikutana na hicho hicho kitu. Cheti kilisema riba 2,281,068 na kodi iliyokatwa 232,107, mimi stetimenti zote 12 nimejumlisha napata 433,400 tu. Mzee mwenye kampuni akaniuliza hiyo milioni na ushee imeenda wapi, nikamwomba anipe siku mbili.

Kwanza kabisa angalia jina na TIN kwenye cheti. Kama hiyo hela uliiweka kwa jina lako binafsi, nje ya biashara, basi ile asilimia 10 waliyokata imeishia hapo, ni kodi ya mwisho, haiingii kwenye ritani ya kampuni na wala kampuni haiwezi kuidai. Ila kama akaunti ni ya kampuni, riba yote inaingia kwenye mapato na kodi iliyokatwa inapunguza kodi yako ya mwaka. Huko ndo tunakokwenda.

Sasa rudi kwenye stetimenti uisome mstari kwa mstari, usijumlishe kwa macho. Kwenye akaunti yetu inayolipa riba kila mwezi, mwisho wa mwezi inakuja mistari miwili, mmoja umeandikwa `INT CR` hela inaingia, wa chini yake `WHT ON INT` hela inatoka. Mimi nilichokuwa nimefanya nilichukua kilichobaki baada ya makato, yaani mwezi wenye riba 40,000 na kodi 4,000 nimeandika 36,000. Cheti hakiandiki hivyo, cheti kinaandika riba ghafi, ile kabla ya kukatwa. Na ritani nayo inataka ghafi. Ile kodi ya zuio sio matumizi ya kampuni, ni hela yako ambayo TRA ameshaishika, kwenye vitabu unaiweka kama kodi uliyolipa tayari unasubiri kuikata kwenye kodi ya mwaka. Ukiandika 36,000 kwenye mapato halafu ukadai tena ile 4,000, umepunguza mara mbili, na anayekagua hahitaji hata stetimenti zako, anachukua kodi unayodai anaizidisha kwa 10 anapata riba uliyotakiwa kuonyesha.

Kama stetimenti umeipata kwa Ekseli basi maelezo yakiwa safu ya C na hela iliyoingia safu ya E unaandika hivi, kwa kodi unabadilisha neno na safu:

```
=SUMIF(C:C,"INT CR*",E:E)
```

Maneno ya kwenye mstari kila benki ina yake kwahiyo soma kwanza wameandikaje. Na hakikisha unaona pia mistari ya kurudisha nyuma, ile ya marekebisho, maana fomula hiyo haiikamati, na kwangu huko ndiko kulikokuwa na shida, nitaifikia.

Nilipopanga upya nikapata riba ghafi ya ile akaunti kwa mwaka mzima ni 486,000 na kodi 52,600. Toa hapo unapata ile 433,400 yangu. Sawa, ila bado cheti kinasema milioni mbili na kitu.

Iliyobaki yote ilikuwa kwenye fiksi, ile hela unayoifungia benki kwa muda maalum. Tarehe 12 Februari 2024 kampuni iliweka fiksi ya milioni 40, siku 182, riba asilimia 9 kwa mwaka. Kwenye stetimenti ya akaunti ya kawaida utaona milioni 40 zimetoka mwezi wa pili halafu kimya mpaka Desemba. Ilivyoiva tarehe 12 Agosti hakuna aliyeenda kuichukua, mkataba ulisema ikiiva iendelee yenyewe pamoja na riba yake, kwahiyo benki wakapiga hesabu ya riba, wakakata kodi, wakaongeza kilichobaki kwenye mtaji wakaanza siku 182 nyingine, na hakuna hata shilingi moja iliyopita kwenye akaunti ninayoisoma mimi. Riba ile inalipwa hata kama hujaishika mkononi, imelipwa siku ile ilipoongezwa kwenye mtaji na kodi imekatwa siku ile ile.

Hesabu yenyewe ni hii: milioni 40 mara asilimia 9 mara 182 gawa kwa 365, unapata 1,795,068. Kodi asilimia 10 ni 179,507. Mtaji mpya ukawa 41,615,561. Nikajumlisha 1,795,068 na 486,000 nikapata 2,281,068, ile ile ya kwenye cheti mpaka shilingi ya mwisho. Kwahiyo mkuu kama una fiksi, nenda tawini uombe stetimenti ya fiksi yenyewe na karatasi ya siku ilipoiva, usikubali kuambiwa stetimenti ya akaunti inatosha, haitoshi. Sisi tuliipata siku hiyo hiyo kwa barua ya kampuni yenye muhuri.

Hapo riba imekaa sawa na ningeweza kufunga faili, ila kodi ikanikatalia. Riba 2,281,068 kwa asilimia 10 ni 228,107. Cheti kinasema 232,107. Imezidi 4,000 kamili. Watu wengi hapa wanasema si ni elfu nne tu, tena imezidi upande wako, jaza uende zako. Mimi sikubaliani. Hela ikiwa haijakaa kwenye asilimia 10 maana yake kuna mstari mmoja mahali fulani sio sahihi, na hujui ni wa riba au wa kodi mpaka uuone. Gawa kodi kwa riba kila mwezi, mwezi wowote usiotoa 10 ndo huo.

Miezi yote ilitoa 10 isipokuwa wa sita, na mle kulikuwa na mstari wa kurudisha riba ya Mei. Nikaiweka stetimenti ya Mei mezani nikafuata kwa rula, tarehe 31 kuna `INT CR` 40,000 na kodi 4,000, chini yake tena tarehe ile ile `INT CR` 40,000 na kodi 4,000. Wamelipa mara mbili. Nikarudi kwenye ya Juni, tarehe 3 wameirudisha ile riba 40,000 ya pili, wameiondoa kwenye akaunti, ila kodi yake 4,000 hawakuirudisha. Riba imefutwa, kodi ya riba isiyokuwepo imebaki. Ndo maana cheti kina riba sahihi na kodi iliyozidi.

Nilichofanya, nilitoa kopi za kurasa zile mbili nikazungushia mistari mitano kwa kalamu, nikaandika barua fupi: tarehe, namba ya akaunti, riba iliyofutwa, kodi ambayo haikufutwa, tunaomba 4,000 irudishwe kwenye akaunti na cheti kitolewe upya chenye 228,107. Dada wa kaunta alitaka tu kunichapia cheti kile kile mara ya pili, nikamwomba aniitie msimamizi wake, nikamwonyesha zile kurasa akaelewa hapo hapo. Ilichukua kama wiki mbili hela ikarudi na cheti kipya kikaja. Kwahiyo usisubiri mwisho wa Juni, kama mwaka wako unaishia Desemba ritani inatakiwa ndani ya miezi sita na wiki mbili za benki zinakula muda vibaya.

Kitu cha mwisho ambacho hata cheti kikiwa sahihi kabisa hutakiona mle. Ile fiksi ya pili ilianza 12 Agosti na inaiva 10 Februari 2025. Mpaka 31 Desemba imeshakaa siku 141, na kampuni haihesabu mapato kwa kusubiri hela iingie, inahesabu yanavyolimbikizwa. Mtu binafsi mwenye biashara anaweza kuchagua kuhesabu kwa hela iliyoingia, kampuni hapana. Kwahiyo 41,615,561 mara asilimia 9 mara 141 gawa kwa 365, ni 1,446,853, hii inaingia kwenye mapato ya 2024 ingawa benki hawajailipa na haipo kwenye cheti. Riba tuliyojaza ikawa 3,727,921. Kodi tuliyodai ni 228,107 tu ya kwenye cheti kipya, maana kwa hiyo 1,446,853 hakuna aliyekata kitu bado.

Hiyo tofauti niliiandikia karatasi moja nikaibana nyuma ya cheti: riba ya cheti juu, riba iliyolimbikizwa chini na siku zake 141, jumla ndo ya ritani. Mtu akiuliza kwanini umeonyesha riba nyingi kuliko cheti jibu liko pale pale.

Na kopi ya karatasi hiyo nikaiweka kwenye faili la 2025, kwa sababu fiksi ikiiva Februari benki watalipa riba ya siku zote 182, yaani 1,867,570, na cheti cha 2025 kitaiandika yote na kodi yake 186,757. Hapo unatoa ile 1,446,853 iliyokwisha kutozwa, mapato ya 2025 kutoka fiksi ile ni 420,717 tu, ila kodi 186,757 unaidai yote maana imekatwa yote mwaka huo. Kwahiyo mkuu na wewe angalia kama Januari ya mwaka unaoujazia ulikuwa na fiksi iliyoanza mwaka wa nyuma yake, kama ipo toa kwanza sehemu iliyoshajazwa kwenye ritani ya mwaka huo wa nyuma kabla hujaanza kulinganisha. Ukishapata stetimenti ya fiksi weka namba zako hapa, ficha namba ya akaunti, tuzipitie pamoja.