Kizingiti Kilichopotea kwenye Mwanga Mwekundu

Swali la wiki: Ukiamka usiku kwenda chooni, unafanyaje ili usingizi usikuruke?

Nyumbani kwetu aliyekuwa akirukwa na usingizi ni mama yangu, na kilichomrusha kilikuwa balbu ya chooni. Mimi ni fundi wa umeme hapa Lamu na balbu hiyo niliifunga mwenyewe: wati 9, nyeupe, darini, inayommulika usoni kila abonyezapo swichi saa nane za usiku. Akirudi kitandani hukaa macho hadi adhana ya alfajiri.

Nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kuuarifu ubongo kama ni usiku au mchana, na chembe hizo hushtuliwa zaidi na mwanga wa buluu, wa nanomita 480 hivi. Zikishtuka, melatonini, homoni ambayo mwili huitoa gizani, hupungua, na akili huchangamka. Balbu nyingi nyeupe za siku hizi huanza na mwanga wa buluu ambao sehemu yake hugeuzwa na unga wa manjano, kwa hiyo buluu hubaki ndani yake hata kama jicho linaona weupe mtupu. Mwanga wa rangi ya kaharabu, yaani manjano inayoelekea machungwa, wa karibu nanomita 590, na ule mwekundu wa karibu 630, hauzigusi chembe hizo ila kidogo mno, mradi uwe hafifu. Ukiwa mkali, rangi haitakuokoa.

Nilianza na nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi na buluu. Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu, na kizingiti cha choo, kilichoinuka shubiri nzima, kimepakwa chokaa nyeupe ili kionekane. Usiku wa kwanza mama alisimama ukumbini, mkono ukutani, akaita: “Mwanangu, kizingiti kimekwenda wapi?” Nilitoka, nikainama pale alipokuwa akitazama, na kweli hakikuwapo. Saruji nyekundu hurudisha mwanga mwekundu karibu sawa na chokaa inavyourudisha, na kwa kuwa hapakuwa na rangi nyingine ya kuvitenganisha, sakafu na kizingiti vilikuwa kitu kimoja. Laiti angepiga hatua moja zaidi, angejikwaa na kuanguka. Kesho yake niliweka ya kaharabu. Sakafu ikageuka hudhurungi iliyofifia, na ukingo wa chokaa ukarudi, mweupe kiasi cha kutosha.

Tangu hapo sipendekezi nyekundu kwa nyumba yenye mzee kabla ya kuangalia sakafu na ngazi zake. Kuna jambo jingine pia: chini ya mwanga mwekundu damu kwenye mkojo haionekani, na hiyo ni dalili ambayo hakuna mtu anayepaswa kuikosa. Anayeamka mara mbili au tatu kila usiku, hasa ikiwa hali hiyo ni mpya kwake, amwone daktari, kwani taa haitibu sababu ya kuamka.

Kuhusu ukali wa mwanga, wengi hushauri taa iwe hafifu kadiri inavyowezekana, lakini lenzi ya jicho la mzee imekwisha kuwa ya manjano na hupitisha mwanga mchache. Kipimo changu ni hiki: mama akisimama kando ya kitanda auone ukingo wa kizingiti, lakini asiweze kusoma msahafu kwa mwanga huo. Taa ya nusu wati ilitosha. Niliifunga chini ya goti, ikiangalia sakafu, nikaweka ya pili ndani ya choo chenyewe, maana ile ya ukumbini haina faida ikiwa mwisho wa safari mtu atawasha balbu kubwa.

Dukani, chukua sidii ya zamani uutazame mwanga wa taa kwenye upande wake unaong’aa. Ukiona utepe wa buluu, hiyo ni balbu nyeupe iliyovikwa plastiki ya rangi, na plastiki yenyewe haichuji vya kutosha.

Nilijaribu pia taa ya sensa, nikaiondoa. Sensa hutambua tofauti ya joto kati ya mwili na vitu vilivyouzunguka, na wakati wa kaskazi kuta zetu za matumbawe huwa na joto hata usiku, hivyo mama alikuwa amekwisha fika mlangoni ndipo iwake. Paka nao waliiwasha kila walipopita karibu. Sasa taa zote mbili huwaka usiku kucha. Kila moja, kwa saa 10, hutumia uniti moja tu ya umeme kwa usiku 200. Nimechagua zenye betri ndani, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa manane, mtu hushika simu, na mwanga wa tochi ya simu ni ule ule mweupe wa darini, safari hii ukiwa mkononi mwake.