Gauni la kitenge, matiti 43: usikate saizi 44

*"Wakuu, mteja wangu ana kifua cha juu 38, penye matiti 43, kiuno 35. Patani ninazo za 40 (kiuno chake 33) na 44. Fundi mmoja kaniambia nikate ya 44 halafu nipunguze mabega. Je, ni sawa? Ni gauni la harusi, Masasi, wiki ijayo."*

Dada, weka mkasi chini. Huyo aliyekwambia ukate 44 hatakulipia kitenge, na mkasi hauna rivasi.

Patani nyingi za kawaida huchorwa kwa mwanamke ambaye matiti yamezidi kifua cha juu kwa inchi 2 tu. Kwa hiyo 44 ni ya mtu mwenye kifua cha juu 42. Shingo, mabega, mgongo na mashimo ya mikono vyote vimechorwa kwa ajili ya mwili huo. Mteja wako ana mifupa ya 38. Ukimkatia 44, shingo itapwaya, bega litashuka na mgongo utajaa kitambaa. Ukipunguza mabega unavuruga shimo la mkono, na mkono wa gauni haukai tena. Ukishateseka hivyo, pindo la mbele bado litapanda juu, maana titi kubwa halihitaji upana peke yake. Kutoka begani kupita juu ya titi hadi kiunoni ni safari ndefu kuliko patani inavyodhani.

Wapo pia wa video za dakika moja wanaosema "ongeza tu ubavuni". Ubavuni hakuna titi! Nyongeza inajikusanya chini ya kwapa, kifua kinabaki kimebanwa. Mtakaosema nina hasira, ndiyo ninayo, na msimu wa korosho harusi zimejaa, sina muda wa kuipoza.

Saizi ya patani inachaguliwa kwa kifua cha juu. Futi kamba ipite chini ya kwapa, juu ya matiti, mteja akiwa amevaa sidiria atakayovaa siku hiyo. 38 jumlisha 2 ni 40, basi chukua ya 40. Matiti 43 toa 40, imebaki 3. Hiyo 3 yote inaingia mbele, inchi moja na nusu kila nusu ya mbele. Nyuma usiiguse.

Nakili nusu ya mbele kwenye karatasi ya kaki. Pima kutoka begani hadi kwenye chuchu na uweke alama pale chuchu ya mteja ilipo, si pale patani inapopendekeza. Kutoka alamani piga mstari ulionyooka hadi kiunoni, sambamba na mstari wa katikati ya mbele. Kutoka alamani tena, panda hadi theluthi ya chini ya shimo la mkono. Mstari wa mwisho upite katikati ya dati ya ubavuni hadi alamani.

Kata kutoka kiunoni, pita alamani, panda hadi kwenye mstari wa mshono wa shimo la mkono, lakini uache uzi mwembamba wa karatasi uwe bawaba. Ukikata ukapitiliza, shimo la mkono litabadilika urefu. Kata na dati kutoka ubavuni, uishie karibu kabisa na alama.

Sasa sogeza upande wa ubavuni mpaka mwanya uwe inchi moja na nusu kutoka alamani hadi kiunoni, kingo ziwe sambamba. Dati itafunguka yenyewe, na kipande cha ubavuni kitashuka kuliko cha katikati. Hapa ndipo wengi wanapojisahau: kata kipande cha katikati kwa mlalo, chini ya alama, ukishushe hadi pindo liwe sawa. Huo ndio urefu aliokuwa anaukosa. Bandika karatasi nyuma ya mianya yote.

Chora dati upya, ncha yake iishie inchi moja na nusu kabla ya chuchu. Ikifika chuchuni kabisa, kifua kinachongoka kama mdomo wa faneli. Dati ikiwa nene mno, igawe mbili.

Kiuno nacho kimeongezeka: 33 na 3 ni 36, naye ana 35. Inchi iliyozidi itoe kwenye dati za kiunoni, nusu kila upande wa mbele.

Funga dati ya ubavuni kwa pini kisha linganisha ubavu wa mbele na wa nyuma. Lazima ziwe urefu mmoja. Halafu kata marikani au shuka kuukuu kabla ya kugusa kitenge. Mkunjo ukivutwa kutoka kwenye titi kuelekea kwapani, mwanya bado mdogo, ongeza robo inchi. Kitambaa kikilegea juu ya titi, umezidisha, punguza hivyo hivyo.