Alt+Tab inabaki kwenye laptopu yangu badala ya kwenda kompyuta ya ofisini

> Wakuu, nafanyia kazi nyumbani. Naingia kompyuta ya ofisini kwa Remote Desktop, na humo ndani nina VirtualBox yenye Linux. Nikibonyeza Alt+Tab najikuta kwenye madirisha ya laptopu yangu, saa nyingine inang'ang'ania Linux haitoki. Zote ni Windows, ukiacha hiyo Linux. Nifanyeje?

Mkuu, hilo limeshaniaibisha. Nilibonyeza Alt+Tab nikijua naenda kwenye dirisha la kuingilia seva, nikaandika nywila na Enter bila kutazama skrini. Ikatua kwenye grupu la kamati ya harusi. Ikabidi nibadilishe nywila usiku uleule, na mweka hazina akaniuliza kama huo ndio mchango wangu.

Una kompyuta tatu zinazogombea kibodi moja, na wa kwanza kuonja kila kitufe ni laptopu yako. Kwa hiyo anza na huyo. Fungua Remote Desktop Connection, bofya Show Options, nenda Local Resources, utaona sehemu ya Keyboard imeandikwa "Apply Windows key combinations". Machaguo ni matatu: vitufe vibaki kwenye kompyuta yako, viende ya mbali, au viende ya mbali pale tu dirisha linapojaza skrini. Hilo la tatu ndilo unalolikuta limewekwa tangu mwanzo, na bila shaka wewe unafanya kazi na dirisha dogo, ndiyo maana Alt+Tab haivuki. Kama unatumia faili la .rdp, lifungue kwa Notepad utafute mstari huu:

```
keyboardhook:i:2
```

2 ndilo hilo la skrini nzima. Ukiweka 1, vitufe vitakwenda ofisini hata dirisha likiwa dogo, ilimradi umelibofya. Ukiweka 0 vinabaki kwako. Hifadhi, kata muunganisho, uingie upya.

Mimi niliiacha 2, na sababu ni lile grupu la harusi. Skrini ikijaa, Alt+Tab ni ya ofisini. Dirisha likiwa dogo, ni ya kwangu, sihitaji kukumbuka kitu kingine. Nikitaka kubadili madirisha ya ofisini huku dirisha likiwa dogo, natumia Alt+Page Up, na Alt+Page Down kurudi nyuma. Menyu ya Start ya huko ni Alt+Home. Kwenye laptopu ndogo Page Up huwa imejificha kwenye mshale, utalazimika kushika na Fn.

Sasa hiyo Linux. VirtualBox ikipata dirisha lake mbele hukamata kibodi yenyewe, hivyo Alt+Tab iliyokwisha kuvuka hadi ofisini inamezwa tena na Linux. Kuiachisha, bonyeza Ctrl ya kulia mara moja na kuiachia, bila kitufe kingine. Tazama pembe ya chini kulia ya dirisha lake: mshale mdogo kando ya jina la kitufe hicho unazimika. Hapo Alt+Tab ni ya Windows ya ofisini. Laptopu nyingi siku hizi hazina Ctrl ya kulia, na hapo ndipo watu hudhani mashine pepe imeganda. Kwenye VirtualBox ya ofisini ingia mapendeleo, sehemu ya Input, ubadili Host Key Combination. Mimi nimeweka Shift ya kulia, maana siitumii kuandikia.

Ukiwa ndani kabisa ya Linux, skrini nzima, na unataka kurudi nyumbani, huna haja ya kutoka ngazi kwa ngazi. Ctrl+Alt+Break inanaswa na Remote Desktop kwenye laptopu yako kabla haijafika ofisini, na dirisha linakuwa dogo hapohapo. Kama huna Break, Ctrl+Alt+Home inaleta ule upau wa juu, upunguze dirisha kwa kipanya.

Ctrl+Alt+Del usihangaike nayo: Windows iliyo mbele yako haiiachii kamwe, hata uweke 1. Kwa kompyuta ya ofisini bonyeza Ctrl+Alt+End. Kwa Linux, kitufe chako cha VirtualBox pamoja na Del.

Na ukiona umerudi ofisini, kila herufi unayoandika inafungua menyu badala ya kuandika, usiwashe upya chochote. Uliondoka ukiwa umeshikilia Alt, na kompyuta ya huko iliambiwa imebonyezwa ila haikuambiwa imeachiwa. Bofya ndani ya dirisha, gusa Alt ya kushoto mara moja, kisha ya kulia. Kama bado, fanya hivyohivyo na Ctrl.