Maswali na majibu: Tawi la pili, au bei mpya kwanza?

Saluni yangu hujaa kila Jumamosi hadi wateja wengine huondoka. Je, huu si wakati wa kufungua tawi?

Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na karibu kila mara muulizaji hasemi lolote kuhusu Jumanne. Hesabu saa za viti, usihesabu foleni. Saluni yenye viti vinne inayofanya kazi saa 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, ina saa 240 za viti. Ikijaa Jumamosi lakini siku nyingine tano ikafanya kazi nusu tu, imeuza saa 140, na saa 100 zimepita bure huku kodi ya pango ikilipwa. Ukifungua tawi katika hali hiyo, utakuwa unakodi viti vingine vya kukaa vitupu katikati ya wiki.

Anza kwa kuweka miadi, na kazi ndefu za kusuka zihamishie siku tulivu kwa bei nafuu kidogo kuliko ya Jumamosi. Kisha simama kando Jumamosi moja uangalie foleni inakwama wapi. Mara nyingi utakuta viti viko wazi, ila wateja watatu wenye nywele mbichi wanasubiri draya moja, au msusi anangoja beseni la kuoshea. Draya ya ziada ni gharama ndogo sana ukilinganisha na pango la tawi.

Nikipandisha bei, wateja si watanikimbia?

Baadhi wataondoka, na swali la maana ni wangapi unaweza kuwapoteza bila kupata hasara. Tuchukue huduma inayolipwa 100. Msusi anachukua kamisheni ya asilimia 40, yaani 40. Dawa na vifaa vinakula 20. Zinazobaki kulipia pango, umeme na faida yako ni 40. Ukipandisha bei hadi 110, kamisheni inakuwa 44, dawa zinabaki 20, nawe unabaki na 46. Wateja 100 wa bei ya zamani walikuachia 4,000, na wateja 87 wa bei mpya wanakuachia 4,002. Kwa hiyo hata wakiondoka 13 katika kila 100, hujapungukiwa, na viti vimepata nafasi ambayo Jumamosi hukuwa nayo. Wakiondoka zaidi ya hapo, bei hiyo umeipandisha mapema mno.

Hesabu hii ifanye kwa kila huduma peke yake, kwa kuwa kuosha na kuseti hakuli dawa kama kupaka rangi. Tangaza bei wiki kadhaa kabla, na usimshtue mteja aliyekwisha kukaa kitini. Ninaonya pia dhidi ya kupandisha bei huku ukipunguza kamisheni: msusi mwenye kinyongo ndiye atakayemweleza mteja sababu ya bei mpya, na hataieleza kwa faida yako.

Mtaji wa kufungulia ninao tayari. Nasubiri nini?

Unasubiri mtaji wa kuendeshea: kama huwezi kulipa pango na mishahara ya tawi kwa miezi sita likiwa nusu tupu, bila kugusa fedha za saluni ya kwanza, usifungue.

Mimi ndiye msusi mkuu. Nitakaa siku tatu huku na tatu kule. Itafaa?

Haitafaa, kwa sababu wateja wa nywele hufuata mkono kuliko jina lililo mlangoni. Chukua daftari la mapato la miezi mitatu utenge yaliyotokana na kazi ya mikono yako. Yakiwa nusu ya mapato yote, siku zako tatu kule zitapunguza mapato ya huku kabla tawi halijapata mteja wake wa kwanza.

Jaribu kutosuka kabisa kwa mwezi mzima, ukimwachia msaidizi ufunguo, fedha na stoo ya dawa. Mwisho wa mwezi linganisha dawa zilizotumika na idadi ya huduma zilizoandikwa. Dawa zikiwa zimeisha kuliko kazi zilizoonekana kwenye daftari, ama zinapimwa ovyo, ama kuna wateja wanaohudumiwa bila kuandikwa, na tatizo hilo hilo utalikuta tawini, mahali ambapo hutakuwepo kuliona.

Usijidanganye pia kwa kumpeleka tawini msusi wako hodari. Wateja wake watamfuata, tawi litaonekana limechangamka, kumbe umehamisha mapato tu na kuongeza pango. Linganisha majina ya wateja wa pande zote mbili kila mwezi; wasiowahi kufika saluni ya kwanza ndio faida halisi ya tawi.

Basi tawi linafaa lini?

Linafaa pale ambapo umekwisha kupandisha bei na bado zaidi ya asilimia 80 ya saa za viti zinauzwa kwa wiki nzima, mwezi wako wa majaribio umepita bila upungufu, na daftari la miadi linaonyesha kwamba wengi wanaokosa nafasi kwenu wanatoka upande mmoja ulio mbali nanyi. Sharti moja likikosekana, fedha hizo zitumike kwanza kwenye mabeseni, draya na mafunzo ya wasusi ulio nao.