Majani ya magimbi yaliniwasha koo: nichemshe muda gani?

Swali: Nilichuma majani machanga ya magimbi, nikayakatakata, nikayakaanga na kitunguu na nyanya kwa moto mdogo kama dakika kumi na tano. Yalilainika, yakanukia vizuri. Mume wangu alikula tonge la kwanza bila tatizo, la pili likamwasha koo kama amemeza pamba ya glasi. Mimi nilikamua ndimu lakini haikusaidia. Shangazi yangu hupika majani hayo hayo na hakuna anayelalamika. Nimesikia kwamba ni fuwele zilizomo ndani ya majani ndizo zinazowasha. Je, hizo fuwele huisha zikichemshwa kwa muda gani?

Jibu: Dada yangu, nianze na neno moja la swali lako, "huisha", kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Fuwele zenyewe haziishi. Ni za kalsiamu oksaleti, kitu ambacho hakiyeyuki kwenye maji ya moto wala hakiungui kwa joto la jikoni. Ukichukua jani bichi ukalitazama kwa hadubini, utaziona zimefungwa mafungu mafungu ndani ya seli maalumu, kama pini ndani ya kasha, kila moja ikiwa na ncha kali pande zote mbili. Jani likitafunwa kasha hupasuka, pini zikaingia kwenye ngozi laini ya koo na ulimi.

Pini peke yake isingewasha kiasi hicho. Juu yake kuna protini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini nyingine, na pini ndiyo inayokipitisha ndani ya ngozi. Fuwele zikioshwa zikaondolewa hiyo protini, mwasho hupungua sana hata kama sindano bado zipo. Hapo ndipo mapishi yanapofanya kazi: joto la maji yanayochemka huharibu protini, seli hulainika, na sehemu ya fuwele hutoka na maji unayomwaga.

Sasa rudi kwenye sufuria yako. Majani yaliyokatwa, mafuta kidogo, maji ya nyanya tu, moto mdogo. Jani lililogusa chini lilipata joto la kutosha, lililokuwa juu lilipata mvuke hafifu. Ndiyo maana tonge la kwanza lilikuwa salama na la pili likawasha. Nikisikia mtu anasema "hapa linawasha, pale haliwashi", najua joto halikufika kila mahali. Wala kulainika si kipimo. Jani changa hulegea katika dakika tano, muda mrefu kabla ya mwasho wake kuisha.

Fanya hivi. Kwa nusu kilo ya majani tafuta sufuria itakayobeba lita tatu au nne za maji. Toa kikonyo na mshipa mnene wa katikati, kwani huiva baadaye kuliko ubavu wa jani. Paka mikono mafuta au vaa glovu, maana utomvu huwasha viganja pia. Maji yakitokota kweli, tumbukiza majani, uyazamishe kwa mwiko mpaka hakuna linaloelea, uache yachemke bila mfuniko dakika kumi. Mwaga maji yote. Usiyatumie kwa supu wala kuongezea mchuzi, hata kama yanaonekana ya kijani na ya kupendeza. Weka maji mapya yanayochemka na uchemshe dakika thelathini na tano tena, ukigeuza kila baada ya muda. Chuja, ndipo sasa uende kwenye kitunguu, nyanya, tui au chochote unachopenda. Ukianza na mafuta au tui, majani hujifunika, kitoweo huwa kizito, na huna tena maji ya kumwaga.

Jumla ni dakika arobaini na tano, zikihesabiwa tangu maji yatokote tena, si tangu ulipowasha jiko. Ukiwa mahali pa juu sana ongeza, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi joto 100. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 ni kama 95 tu, nami huongeza dakika kumi hadi kumi na tano. Oveni na maikrowevu siyapendekezi hapa: hukausha jani badala ya kulisafisha.

Kabla hujapakua, chukua kipande kidogo kama punje ya mchele, kitafune kwa meno ya mbele, kiguse ncha ya ulimi kisha ukiteme. Subiri dakika kumi. Hapo watu hukosa subira: mwasho hauji papo hapo, huja taratibu, na anayeonja kwa sekunde mbili hudanganyika. Ukihisi chomo lolote, ongeza maji ya moto na uchemshe dakika ishirini nyingine. Kama baada ya hapo bado linachoma, tupa. Niliwahi kugawa fungu moja la majani katika sufuria mbili mbele ya wanafunzi. Ya dakika kumi na tano ilitufanya tukohoe sote. Ya dakika arobaini na tano tuliila yote. Fungu la aina nyingine, siku nyingine, liliendelea kuchoma hata baada ya saa nzima, nikajifunza kwamba aina ya mmea ina uamuzi mkubwa kuliko mpishi. Huenda shangazi yako ana aina tulivu, au hupika kwa muda mrefu bila kuangalia saa.

Ndimu, kwa bahati mbaya, haivunji sindano kwa kiasi unachokamua sahanini. Magadi kidogo hulainisha jani haraka, lakini ukizidisha unapata uji. Hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya maji mengi na muda.

Kuna jambo jingine watu huliunganisha na hili. Majani yana pia oksaleti inayoyeyuka, na hiyo ndiyo inayohusika zaidi na mawe ya figo. Haiwashi koo, kwa hiyo koo haliwezi kukuambia kama imetoka. Kuchemsha na kumwaga maji huiondoa kwa sehemu kubwa. Kuoka haiondoi, na kwa kuwa maji ya jani hukauka, kiasi chake kwa kila kijiko huongezeka. Aliyewahi kupata mawe ya figo asile mara kwa mara hata yasipowasha, na akila, maziwa kwenye mlo huohuo husaidia, kwani kalsiamu yake hukamata oksaleti tumboni kabla haijafyonzwa.

Hakikisha pia ni magimbi. Kwa magimbi ya kawaida kikonyo hushika mgongoni mwa jani, ndani kidogo ya ukingo. Kwa jamaa yake mkubwa hushika penye pengo la ukingo. Yote mawili hupikwa kwa njia hii. Majani ya mimea ya mapambo inayofanana nayo yaache. Na kiazi kikuu ni mmea mwingine kabisa, unaotambaa na kujiviringisha mitini. Baadhi ya aina zake za porini zina sumu tofauti na fuwele, na kipimo changu cha ulimi hakizitambui. Usile majani yake kwa kubahatisha.

Likitokea tena: suuza kinywa, kunywa maji baridi au maziwa kidogo kidogo, usijitapishe. Mara nyingi hupoa baada ya saa kadhaa. Lakini mtu akivimba ulimi au midomo, akitokwa mate asiyoweza kumeza, sauti ikibadilika au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja, hasa akiwa mtoto.