Kamera moja, picha tatu: ninavyohariri mahubiri

Kanisani kwetu kamera ni moja. Imesimama kwenye stendi nyuma kabisa, na ibada ikianza hakuna wa kuigusa. Mahubiri ya dakika 40 kwa picha moja huchosha macho, kwa hiyo picha za karibu nazitengeneza wakati wa kuhariri, kwa kuivuta picha ileile.

Narekodi kwa 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, na video ya mwisho naitoa kwa 1920 kwa 1080. Hapo naweza kuvuta mara mbili bila picha kupoteza ukali. Ukirekodi kwa 1080 na kutoa kwa 1080, nafasi hiyo huna; kila ukivuta, uso unazidi kufifia.

Mwanzoni picha zangu za karibu zilitoka na ukungu, nikadhani lenzi ndiyo yenye shida. Kumbe kwenye Premiere nilikuwa nimebofya Scale to Frame Size, ambayo huishusha picha hadi 1080 kwanza, ndipo nami naivuta. Inayotakiwa ni Set to Frame Size, ambayo huacha pikseli zote. Utaitambua kwa namba: Scale ya klipu itasomeka 50, na unaweza kupanda hadi 100.

Mimi natumia 50 kwa picha pana, 70 kwa ya kati na 95 kwa ya uso. Usiruke kutoka 50 hadi 55. Mtazamaji ataona kama mtu amegonga stendi. Na kila ukivuta, rekebisha Position, macho ya mhubiri yakae theluthi ya juu ya fremu.

Mahali pa kukata napachagua kwa kumtazama mhubiri. Juzi mchungaji alisema, "Tufungue Luka 15," akavua miwani. Nilikata mkono ukiwa njiani, nikaingia picha ya kati. Alipofika pale baba anapomwona mwanawe angali mbali, sauti ikashuka. Nikaenda usoni na kukaa hapo karibu dakika nzima. Baadaye alishuka kuelekea viti vya mbele. Kwa kuwa nimeshaona anakokwenda, nilirudi kwenye picha pana kabla hajainua mguu, la sivyo bega lingetoka nje ya fremu.

Ukuta wa nyuma utabaki uleule, kwa sababu kamera haikuhama. Usijaribu kuigeuza picha kushoto kulia ili ionekane ya kamera nyingine: maandishi ya bango yatasomeka kinyume na pete ya ndoa itahamia mkono mwingine.

Akikohoa au akinywa maji, kipande hicho nakitoa kabisa, kisha naruka kutoka picha pana hadi ya uso papo hapo. Sauti naiunganisha kwa mfifio mfupi wa fremu mbili au tatu, na mkato hauonekani.